Foleni ya Kupanda: Pengo, Handibreki na Swali la Mtihani

Mhadhara kwa wanaojiandaa na mtihani wa nadharia ya udereva, Kivukoni, Bonde la Kilombero

 

Nilipomwambia jirani yangu kwamba nakuja Kivukoni kuzungumza juu ya gari mlimani, alinitazama akaniuliza mlima wenyewe uko wapi. Ana haki ya kuuliza. Hapa tulipo ni tambarare tupu, mashamba ya mpunga hadi macho yanapogota. Udzungwa tunaiona kwa mbali upande mmoja, Mahenge upande mwingine, na katikati maji yakijaa masika hayajui hata pa kukimbilia. Lakini ndiyo sababu nimekuja. Kijana wa hapa anajifunza gari kwenye uwanja wa mpira. Klachi yake ni nzuri, gia anabadilisha bila kelele, anaegesha vizuri. Halafu anakuta kwenye karatasi swali la gari lililosimama mlimani, jambo ambalo mwili wake haujawahi kulihisi, na anajibu kwa kubahatisha. Au anafaulu kwa kukariri, kisha siku moja anapita Lupiro, anaanza kupanda kwenda Mahenge, na huko mbele yake kuna lori limesimama.

Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba Kivukoni nayo ilikuwa na mlima wake. Kabla ya daraja la mita 384, lililozinduliwa rasmi Mei 2018, mlima wetu ulikuwa ukingo wa mto. Gari lilitoka kwenye pantoni likiwa limelowa, likapanda ukingo wa udongo uliolowa kwa maji ya magari yaliyotangulia, na lilipofika katikati likasimama kwa sababu la mbele limesimama. Mwinuko ulikuwa mfupi, pengine magari matatu au manne tu kwa urefu, lakini yale yote yanayoulizwa kwenye mtihani yalikuwa pale.

Mimi wakati huo nilikuwa utingo wa lori la mpunga. Kazi yangu pale ukingoni ilikuwa moja: lori likisimama, niruke na gogo, niliweke nyuma ya tairi la nyuma. Siku moja ya mvua tulipanda nyuma ya pikapu. Pikapu ikasimama, nasi tukasimama karibu nayo mno, hivi kwamba nikiwa nimekaa kwenye kabini niliona mizigo yake tu. Matairi sikuyaona kabisa. Dereva wa pikapu alipotaka kuondoka, gari likazimika, likarudi nyuma, likagonga bampa letu. Taa zake mbili zikavunjika. Nilikuwa nimeshuka na gogo langu nikapita upande wa nyuma. Kama ningekatiza mbele ya lori, kama nilivyofanya siku nyingine nyingi, magoti yangu yangekuwa katikati ya zile bampa mbili.

Watu wote pale ukingoni walimlaumu mwenye pikapu: hajui kuondoa gari. Nami nilimlaumu. Ilinichukua miaka, hadi nilipoanza kufundisha, kuona kwamba kosa letu lilitangulia lake. Yeye alikosea baada ya dakika tano. Sisi tulikuwa tumeshakosea tangu tuliposimama.

Sasa tuangalie ni nguvu gani inayolivuta gari nyuma, maana ukiijua hiyo, majibu ya mtihani hayahitaji kukaririwa.

Chukueni barabara inayopanda mita moja kwa kila mita kumi za kwenda mbele. Huo wahandisi wanauita mwinuko wa asilimia 10, na ni mwinuko mkali. Kwenye mwinuko huo, moja ya kumi ya uzito wa gari inalivuta kurudi chini. Noa yenye abiria na mizigo ina uzito wa karibu tani mbili. Moja ya kumi yake ni kilo 200, yaani magunia mawili ya mpunga ya kilo mia mia. Fikirieni mtu amefunga kamba nyuma ya gari na kuning'iniza magunia mawili, mchana kutwa, bila kupumzika. Lori lenye uzito wa tani ishirini linavutwa na magunia ishirini. Hayo ndiyo yanayobebwa na handibreki, au na mguu wako, au na klachi yako, kila sekunde unayosimama pale.

Ukiyaachia, gari linaanza kurudi taratibu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Katika sekunde ya kwanza litakuwa limerudi kama sentimita 40, upana wa kigoda. Mtu anaona si kitu. Mwisho wa sekunde ya pili limesharudi zaidi ya mita moja na nusu. Mwisho wa ya tatu, karibu mita nne, urefu wa gari dogo zima. Na mzigo haubadilishi kasi hiyo kwa kiasi cha kuonekana: Noa tupu na lori lililojaa yakiachiwa pamoja yanarudi karibu sawa. Kinachotofautiana ni ugumu wa kuyazuia na uzito wa kishindo chake.

Wekeni hesabu hiyo kwenye foleni. Dereva wa mbele anaondoka, gari linazimika. Hajui mara moja kwamba limezimika; anahitaji sekunde nzima kushtuka. Anahitaji nyingine kupeleka mguu kwenye breki au mkono kwenye handibreki. Huyo ni dereva wa kawaida, hajalewa, si mzembe. Ameshatumia sekunde mbili, na gari limeshatumia mita moja na nusu. Wewe uliye nyuma yake uliacha mita moja. Basi ameshakugonga kabla hajafika kwenye breki. Huwezi kumwambia awe mwepesi zaidi, maana huo ndio wepesi wa binadamu. Kitu pekee kilichokuwa mikononi mwako ni lile pengo.

Kwa hiyo mtihani unapouliza: umesimama nyuma ya gari kwenye foleni ya kupanda, uache nafasi gani, jibu linalotafutwa ni lile la macho. Ukiwa umekaa sawasawa kwenye kiti, uyaone matairi ya nyuma ya gari la mbele yanapogusa barabara, na baada ya matairi uione barabara yenyewe kidogo. Kwenye gari dogo hiyo inakupa takriban mita tatu au nne, kulingana na boneti lako na kimo chako. Ukiona bampa lake tu, umesogea mno.

Hapa kuna mtego ambao vitabu vingi haviusemi. Kipimo cha macho kilitengenezwa kwa gari lenye boneti. Dereva wa Fuso au Kenta amekaa juu, karibu na kioo, hana boneti mbele yake. Anaiona barabara mita moja na kidogo tu mbele ya bampa. Yeye akisema nayaona matairi na barabara kidogo, bado amekaribia kupita kiasi. Wenye malori watumie kipimo kingine: uwe na nafasi ya kukata usukani na kutoka pembeni ya gari la mbele bila kulazimika kurudi nyuma kwanza. Hicho kipimo kinafaa kwa kila gari, na kina faida ya pili, kwamba la mbele likiharibika kabisa wewe hujafungiwa.

Na ukiwa nyuma ya lori, ongeza. Mimi hufundisha kuongeza urefu wa gari dogo zima, na nyuma ya semitrela mara mbili ya hapo. Sababu ni kwamba dereva wa lori haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja. Vioo vyake vinaonyesha pembeni. Kama wewe huvioni vioo vyake, naye hakuoni. Bodaboda wanaosogea hadi chini ya bodi la lori lililosimama mlimani, wakitafuta upenyo, wako mahali ambapo kwa dereva yule hapana mtu. Lori likirudi mita moja tu, dereva wake hata kishindo hatakisikia. Vijana wa bodaboda mlio hapa, hili nawaomba mlichukue kwa uzito: kama lori limesimama likipanda, kaeni pembeni nyuma ambako mnaona uso wa dereva kwenye kioo chake.

Kuna swali jingine linaloangusha wengi. Linauliza hivi: gari likipanda mlima husimama kwa umbali mfupi kuliko tambarare, kwa hiyo dereva anaweza kumkaribia wa mbele zaidi, ni kweli au si kweli? Nusu ya kwanza ni kweli. Mlima wenyewe unasaidia breki. Nusu ya pili si kweli, na mtahini ameziunganisha makusudi. Gari la mbele nalo linasaidiwa na mlima huo huo, tena hupunguza mwendo ghafla dereva anapokosea kushusha gia, bila taa ya breki kuwaka. Halafu likisimama linaweza kurudi. Ule umbali wa sekunde mbili mliofundishwa kwa gari linalotembea unabaki vilevile mnapopanda. Mkisimama, ndipo kinapoingia kipimo cha macho.

Tumezungumza pengo la mbele. Kuna na pengo la nyuma, ambalo huna mamlaka nalo. Aliye nyuma yako anaweza kuwa amesogea hadi kukugusa. Huyo hana kinga yoyote isipokuwa uhodari wako wa kuondoka bila kurudi hata kidogo, na hapa ndipo handibreki inapoingia.

Umesimama kwa breki ya mguu. Vuta handibreki, na unapovuta bonyeza kile kitufe cha kichwani ili meno yake yasilike. Mwisho wa kuvuta kiachie kitufe, meno yashike. Kama foleni ni ndefu, weka nyutro, toa miguu, pumzika. Taa zako za breki nazo zizimike, usimchome macho aliye nyuma yako usiku kucha.

Foleni ikianza kusogea, usikimbilie. Subiri gari la mbele liwe limeondoka kweli na kupata mwendo, maana wakati wa hatari zaidi wa kurudi nyuma ni ule wa kuondoka. Kanyaga klachi hadi chini, ingiza gia ya kwanza. Angalia kioo cha ndani na vya pembeni. Ongeza mafuta kidogo, injini iungurume kwa sauti moja, isipige kelele. Sasa inua klachi polepole, na usikilize.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo gari linapozungumza. Klachi inapoanza kukamata, sauti ya injini inashuka, kama mtu aliyetwikwa ndoo kichwani. Boneti linainuka kidogo mbele, nyuma ya gari inachuchumaa. Ukiwa umeshika handibreki utahisi gari linatetemeka chini yako. Linataka kwenda, limezuiwa. Simamisha mguu hapo hapo. Usiinue tena, usishushe. Angalia vioo mara ya pili na geuza shingo uone bodaboda aliyejipenyeza, kwa sababu tangu ulipoangalia mara ya kwanza sekunde kadhaa zimepita. Ndipo uishushe handibreki.

Na hiki ndicho kipimo cha kazi nzuri: handibreki ikishuka, gari linabaki palepale. Haliendi mbele kwa kuruka, halirudi. Magunia mawili yamehama kutoka kwenye waya wa handibreki kwenda kwenye injini, na aliye nyuma yako hajaona kitu. Baada ya hapo ongeza mafuta, maliza kuinua klachi, nenda.

Mtihani hupenda kuvuruga mpangilio huu. Utapewa majibu manne yenye vitendo vilevile, yamepangwa tofauti. Jibu linalovutia wengi ni lile linalosema achia handibreki, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu na uinue klachi haraka. Linavutia kwa sababu ndivyo tunavyoona madereva wa daladala wakifanya. Lakini kati ya kuachia handibreki na klachi kukamata kuna sekunde ambayo hakuna kitu kinachoyashika yale magunia. Ukisoma majibu, tafuta sekunde hiyo. Jibu lolote lenye sekunde ambayo gari halijashikwa na kitu ni kosa, hata kama maneno yake ni mazuri.

Jibu jingine la mtego linasema: kwenye foleni fupi, lishikilie gari kwa klachi na mafuta bila breki. Wengi wenu mmeona dereva akiliyumbisha gari mbele na nyuma hivyo, na anaonekana fundi. Kinachotokea ndani ni kwamba sahani ya klachi inasuguana na mwenzake bila kushikamana, na nguvu yote ya injini inayoyashikilia yale magunia mawili inageuka joto. Kwanza utasikia harufu kali ya kuungua. Ukiendelea, klachi inaanza kuteleza: injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo. Nendeni siku moja mkaone pale Kitonga, kwenye barabara ya Zambia kule Iringa, lori moja likiharibika kwenye kona na foleni ikasimama saa nzima. Harufu ile utaisikia kabla hujaona gari lenyewe. Na gari lililochoka klachi katikati ya Kitonga limekuwa kizuizi cha pili.

Sasa gari likizimika. Kila dereva humzimikia, hata mimi. Jambo la kwanza mkono unalotaka kufanya ni kukimbilia ufunguo, na ndilo kosa. Kwanza breki ya mguu, papo hapo handibreki; gari likishashikwa ndipo ushike ufunguo. Kuna sababu ya kiufundi inayofanya hili lisiwe hiari. Breki ya mguu kwenye magari mengi inasaidiwa na injini. Injini ikizimika, unabakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Anayekanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia kwa hofu, anaumaliza msaada huo kwa sekunde chache. Kanyaga mara moja, shikilia, vuta handibreki. Haitegemei injini, ni waya na meno tu.

Ila waya nao huchoka. Handibreki nzuri unaivuta unasikia meno machache, kati ya manne na nane kwenye magari mengi, kisha inakaza. Ikiwa inapanda hadi kukaribia kiwiko chako, waya umelegea au lainingi zimekwisha, na siku utakayoihitaji haitashika. Ipime hivi: tafuta mahali pa mwinuko pasipo na magari, hakikisha hakuna mtu nyuma, simama kwa breki ya mguu, weka nyutro, vuta handibreki, kisha inua mguu taratibu bila kuutoa juu ya pedali. Gari likinyemelea kurudi, nenda kwa fundi kabla hujaenda Mahenge. Kosa la upande wa pili ni kuondoka nayo ikiwa haijashuka yote. Taa nyekundu inabaki kwenye dashibodi, gari linakuwa zito, na ukifika utakuta ringi za nyuma zinaunguza mkono.

Handibreki ina mipaka yake, na hili halimo kwenye maswali mengi ingawa lingestahili. Inashika matairi, haishiki barabara. Magari mengi madogo inashika matairi mawili ya nyuma tu. Pale ukingoni mwa mto, kwenye udongo mweusi uliolowa, niliona gari limevutwa handibreki hadi mwisho, matairi yamekakamaa hayazunguki, na gari lote linateleza kurudi kama sahani kwenye meza iliyomwagika mafuta. Mahali kama hapo usisimame katikati ya mwinuko kabisa. Subiri chini, kwenye tambarare, hadi wa mbele amalize kupanda, kisha upande kwa mwendo mmoja. Pengo la mita nne limekuwa pengo la mlima mzima, na hilo nalo ni jibu sahihi.

Wenye Kenta na malori madogo ya aina hiyo, sikilizeni hili. Mengi ya malori hayo handibreki yake haipo kwenye matairi. Ipo nyuma ya gia boksi, inashika propela. Kutoka hapo nguvu inapita kwenye difu kwenda matairi yote mawili ya nyuma. Maana yake ni kwamba inashika tu pale ambapo matairi yote mawili yamekanyaga ardhi. Ukipata pancha mlimani, ukalitia jeki tairi moja la nyuma, tairi hilo likiwa hewani linazunguka ovyo, na kwa njia ya difu lile lililobaki chini linakuwa huru. Handibreki imevutwa, gia umeingiza, na lori linaondoka juu ya jeki. Kwa hiyo kabla ya jeki ni magogo au kabari, kwenye matairi yasiyoinuliwa. Na malori makubwa ya breki za upepo yana tabia tofauti: yale yanashikwa na springi, na upepo ndio unaoziachia. Upepo ukipungua yanajifunga yenyewe. Usilazimishe kuondoka hadi geji ipande.

Nikitaja magogo, nina neno na matingo wenzangu. Tunaweka jiwe nyuma ya tairi, lori linaondoka, tunakimbia kulidandia, na jiwe linabaki barabarani. Nimelifanya mwenyewe mara nyingi na nalijutia. Usiku bodaboda anakuja anateremka na kulikuta jiwe hilo mbele ya tairi lake. Sisi tulifunga kamba kwenye gogo letu, ncha moja ikafungwa kwenye bodi, likawa linakuja lenyewe. Kamba ya mita mbili inatosha.

Kuna mama mmoja aliniuliza kabla sijaanza: gari lake ni otomatiki, je, haya yote yanamhusu? Yanamhusu, ila kwa namna yake. Gari la otomatiki likiwa kwenye D linajisukuma mbele kidogo lenyewe, na kwenye mwinuko mdogo, kama ule wa tuta la kuingilia darajani, linaweza kubaki palepale ukiinua mguu. Kwenye mwinuko mkali halitaweza, litarudi. Basi nawe tumia handibreki, na kama ni Noa yenye ile ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, tumia hiyo: ishike kwanza, weka D, ongeza mafuta kidogo hadi uhisi gari linavuta, ndipo uachie. Unapoegesha mlimani, vuta handibreki kwanza, inua mguu kwenye breki ili uzito ukae juu yake, kisha ndipo uweke P. Ukitanguliza P, gari zima linaning'inia kwenye kipande kidogo cha chuma ndani ya gia boksi, na asubuhi utahangaika kuitoa.

Akaniuliza pia matairi ayageuze wapi akiegesha Mahenge mjini. Hili nalo huja kwenye mtihani, na jibu linategemea kama pembeni kuna ukingo wa zege. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukingo uko kushoto kwako. Ukiwa umeelekea juu na ukingo upo, geuza matairi ya mbele kulia. Gari likirudi, tairi litaegemea ukingo na kusimama. Kama hakuna ukingo, kama ilivyo sehemu nyingi za barabara zetu, yageuze kushoto, ili likirudi liishie nje ya barabara na lisivuke kwenda kwenye njia ya wanaoteremka. Ukiwa umeelekea chini, ni kushoto, ukingo uwepo usiwepo. Na gia ya manyuo uiache imeingia: ya kwanza ukiwa umeelekea juu, ya kurudi nyuma ukiwa umeelekea chini.

Mama, gari lako lipo hapo nje. Tukimaliza twende nalo, ukae kwenye kiti chako, mimi nisimame mbele na kusogea nyuma hatua kwa hatua hadi useme unaviona viatu vyangu vinapogusa ardhi. Tutapima hapo kwa futi, na hiyo itakuwa namba ya gari lako na kimo chako, si ya kitabu.